Viatu Maalumu au Viatu vya Kawaida? Mazungumzo Kuhusu Watoto Wanaokanyagia Ndani na Wenye Nyayo Bapa

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wazazi na walezi katika mkutano wa kata kuhusu huduma za afya ya mtoto.)



Katika maswali yanayoletwa kwenye dawati la mawasiliano la Halmashauri kuhusu afya ya watoto, lipo moja lisilokauka. Mzazi huja akieleza kwamba mwanawe akitembea vidole vya miguu hutazamana, au kwamba akisimama unyayo wote hulala chini bila kuacha upenyo wowote. Kisha huuliza: je, nimnunulie viatu maalumu? Mara nyingi swali hilo huja baada ya jirani au muuzaji kuwa amekwisha kumshauri, na mara nyingine baada ya fedha ya sare au ya mbolea kuwa imekwisha kutumika.

Mimi si tabibu. Ninayoyasema leo nimeyapitia pamoja na wenzetu wa kitengo cha fiziotherapia wa hospitali ya wilaya, na kazi yangu ni kuyaeleza kwa lugha inayoeleweka. Nitaanza na jibu, kisha nitoe sababu zake. Kwa watoto walio wengi wanaokanyagia ndani, na kwa walio wengi wenye nyayo bapa, kiatu cha kawaida kilicho laini na kinachokunjika kinatosha. Kiatu kigumu cha kurekebisha hakinyooshi mfupa wala hakijengi upinde wa unyayo. Hata hivyo, wapo watoto wachache ambao kiatu au kifaa maalumu kwao ni tiba ya kweli, na kukiacha ni kuwaharibia maisha. Jambo la msingi, kwa hiyo, ni kuwatofautisha watoto hao.

Mguu hupindia wapi?

Tunapomwona mtoto anakanyagia ndani, macho yetu huenda kwenye unyayo, nasi hudhani kasoro ipo pale pale. Aghalabu haipo hapo. Mguu unaweza kuelekea ndani kutoka mahali patatu, na kila mahali pana umri wake.

Mahali pa kwanza ni unyayo wenyewe, na hili huonekana kwa mtoto mchanga. Ukimlaza na kumtazama wayo kwa chini, utaona kisigino kimenyooka lakini sehemu ya mbele imejikunja kuelekea ndani, umbo lake likifanana na punje ya haragwe. Mara nyingi hali hii hutokana na jinsi mtoto alivyobanwa tumboni. Ushike unyayo huo kwa upole na uusukume sehemu ya mbele kuelekea nje. Ukinyooka bila shida, hakuna la kufanya ila kusubiri, kwa kuwa wengi hunyooka wenyewe katika mwaka wa kwanza au muda mfupi baadaye. Ukikataa kunyooka, mpeleke mtoto kliniki mapema, maana mguu wa mtoto mchanga hurekebishika kwa urahisi zaidi kuliko wa mtoto aliyekwisha kutembea.

Mahali pa pili ni mfupa wa muundi, yaani mfupa ulio kati ya goti na kifundo cha mguu. Mfupa huu unaweza kuwa umejisokota kidogo kuelekea ndani. Mzazi huligundua jambo hili mtoto anapoanza kutembea, kati ya mwaka mmoja na mitatu. Dalili yake ni kwamba pia za magoti zinatazama mbele sawasawa, ilhali vidole vya miguu vinatazamana. Mfupa huo hujisokotoa kadiri mtoto anavyokua, na kwa wengi hali huwa imekwisha wanapofikia umri wa kuanza shule.

Mahali pa tatu ni mfupa wa paja, juu kabisa karibu na nyonga. Kila mtoto huzaliwa mfupa huu ukiwa na msokoto mkubwa kuliko wa mtu mzima. Kwa kawaida msokoto wa mtoto mchanga ni takribani nyuzi 40, na kwa mtu mzima hubaki takribani 15. Safari hiyo ya kutoka 40 hadi 15 huchukua miaka mingi ya utoto, na watoto wengine huisafiri polepole kuliko wenzao. Hao ndio tunaowaona wakikanyagia ndani wakiwa na umri wa miaka mitatu hadi minane. Kwao, si vidole tu vinavyoelekea ndani, bali hata pia za magoti hutazamana. Wakikimbia, miundi hurushwa nje kwa namna inayowachekesha wenzao. Hupenda kukaa sakafuni magoti yakiwa mbele na nyayo zimetandazwa pande zote mbili, kwa sababu nyonga zao hugeuka kirahisi upande huo. Wazazi wengi huwakaripia kwa ukaaji huo wakidhani ndio unaopinda miguu. Ukaaji huo ni matokeo ya umbo la nyonga, kwa hiyo kumkaripia mtoto kila siku hakumsaidii. Kwa walio wengi, mwendo hunyooka kabla ya kufika miaka kumi au karibu na hapo.

Kwa nini kiatu hakifiki huko

Sasa tujiulize: kiatu humshika mtoto wapi? Humshika unyayo, na kikiwa cha buti humshika hadi kifundo. Msokoto wa paja uko mbali juu, umepitana na kifundo na goti. Mtoto mwenye msokoto wa paja ukimvisha buti gumu lenye soli nzito, buti lenyewe litaelekea ndani pamoja na unyayo. Unachobadilisha ni uzito wa mguu tu, na mtoto aliyekuwa akijikwaa kidogo huenda akajikwaa zaidi.

Zamani, katika nchi mbalimbali, watoto wa namna hii walilazwa usiku wakiwa wamevishwa viatu vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma, vidole vikiwa vimegeuzwa nje. Fikra ilikuwa kwamba mfupa utazoea. Lakini nguvu ya kusokota ikitiwa kwenye unyayo, kinachotii kwanza ni maungio ya kifundo na goti, kwa kuwa ndiyo yanayogeuka, na mfupa hubaki kama ulivyo. Ndiyo maana wataalamu wameiacha njia hiyo kwa watoto wanaokanyagia ndani kwa sababu ya msokoto wa kawaida.

Ipo pia desturi ya nyumbani ya kumvisha mtoto kiatu cha kulia katika mguu wa kushoto na cha kushoto katika wa kulia, ili miguu ielekee nje. Kiatu kilichogeuzwa hubana kidole gumba na kuacha nafasi pasipotakiwa, kisha mtoto hutembea vibaya kwa kuumia. Tafadhali tuiache.

Unyayo bapa

Nije kwenye unyayo bapa. Takribani kila mtoto huanza kutembea akiwa na unyayo bapa. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mafuta laini yaliyojaa mahali ambapo upinde utakuja kukaa, nayo huufunika. Ya pili ni kano zinazofunga mifupa ya unyayo, ambazo utotoni bado ni legevu, hivyo uzito wa mwili ukishuka unyayo hulala. Upinde hujitokeza polepole katika miaka kumi ya kwanza. Mzazi anayeshtuka kwa sababu ya unyayo bapa wa mtoto wa miaka miwili anashtuka kwa jambo ambalo ni la kawaida kwa umri huo.

Upo upimaji mmoja ambao kila mmoja wenu anaweza kuufanya leo jioni. Msimamishe mtoto pekupeku, ukae nyuma yake, kisha umwambie asimame kwa ncha za vidole kana kwamba anataka kuchuma embe. Tazama upande wa ndani wa unyayo. Upinde ukitokea, na visigino vikielekea ndani kidogo, unyayo huo ni laini: umelala kwa uzito tu. Mtoto wa namna hiyo asipolalamika maumivu hahitaji kiatu maalumu, hahitaji kiwekeo cha ndani ya kiatu, wala hahitaji tiba. Wengine hubaki na unyayo bapa hadi utu uzima, nao hulima, hucheza mpira na kubeba mizigo bila taabu.

Je, kiatu cha kurekebisha hakiharakishi upinde kutokea? Swali hili limefanyiwa uchunguzi wa makini. Mwaka 1989 madaktari wa mifupa nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 129 wenye nyayo bapa laini, waliokuwa na umri wa mwaka mmoja hadi sita walipoanza. Watoto waligawanywa katika makundi manne kwa bahati nasibu. Kundi moja halikupewa tiba, na mengine matatu yalipewa viatu vya kurekebisha, au vikombe vya kushika kisigino, au viwekeo vilivyochongwa kwa kipimo cha kila mguu. Watoto 98 walimaliza miaka mitatu ya uchunguzi, wakapigwa tena picha za eksirei. Nyayo za makundi yote manne zilikuwa zimeimarika, na kundi lisilopewa kitu halikuachwa nyuma na mengine. Yaani kilichojenga upinde kilikuwa ni umri.

Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 1992 ulifanyika India, nchi yenye watoto wengi wanaotembea pekupeku kama huku kwetu. Zilichukuliwa alama za nyayo za watoto 2,300 wenye umri wa miaka minne hadi 13. Miongoni mwa waliovaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Miongoni mwa wasiovaa, asilimia 2.8. Nyayo bapa zilionekana zaidi kwa waliozoea viatu vya kufunika vidole kuliko kwa waliovaa ndala au makubazi. Uchunguzi wa namna hii peke yake hauthibitishi kwamba kiatu ndicho chanzo, lakini unatosha kutufanya tusidhani kuwa mtoto ataharibikiwa nyayo kwa kukosa buti.

Mfano wa mtoto mmoja

Ili tuone jinsi mambo haya yanavyokutana, chukueni mfano wa mtoto wa kike wa miaka minne na nusu. Anakanyagia ndani miguu yote miwili, hujikwaa akikimbia, na nyayo zake ni bapa. Mtu amewashauri wazazi wake wanunue buti ngumu zenye kiinuo cha ndani. Wazazi wanaamua kumpeleka kwanza kwa mtaalamu.

Mtaalamu anaanza kwa kuuliza. Mtoto alizaliwaje? Alianza kutembea lini? Je, mwendo huu unapungua, unabaki vile vile au unazidi? Analalamika maumivu? Katika familia yupo aliyetembea hivyo utotoni? Wazazi wanasema alizaliwa salama, alitembea akiwa na miezi 13, mwendo hauzidi wala haupungui, haumwi mahali, na shangazi yake alikuwa hivyo hivyo kabla ya kufika darasa la tatu.

Kisha mtaalamu anamtazama akitembea pekupeku kwenda na kurudi. Anaona pia za magoti zote mbili zinatazama ndani, kwa hiyo anajua kwamba chanzo kiko juu ya goti. Anamlaza kifudifudi, anakunja magoti yake ili nyayo zitazame dari, kisha anaiacha miundi iangukie nje. Inaanguka mbali sana, kushoto sawa na kulia. Akiielekeza ndani, inakwenda kidogo tu. Hapo jibu limepatikana: ni msokoto wa mfupa wa paja, nao uko sawa pande zote mbili. Anamsimamisha kwa ncha za vidole, na upinde unatokea. Anapima urefu wa miguu, nao unalingana. Anakunja vifundo kuelekea juu, navyo vinakunjika vizuri.

Wazazi hawapewi buti. Wanaambiwa waendelee na viatu vyake vya kawaida, wamwache acheze, na wamrudishe baada ya mwaka mmoja, au mapema zaidi akianza kuchechemea au kuumwa. Wanashauriwa kuweka kumbukumbu: kila mwaka, mwezi aliozaliwa, wamloweshe nyayo na kumtembeza hatua kadhaa juu ya sakafu kavu ya saruji, wapige picha ya alama kwa simu. Jicho la mzazi anayemwona mtoto kila siku halioni mabadiliko ya polepole, lakini picha za miaka mitatu zikiwekwa pamoja huyaonyesha.

Mtoto huyu akiwa na miaka sita bado anakanyagia ndani, ila hajikwai kama zamani. Akiwa na miaka tisa, mwendo umenyooka na upinde mdogo umetokea. Sasa tufikirie kwamba wazazi wangenunua zile buti, na kununua nyingine kila alipokua, kwa miaka minne na nusu. Mwisho ungekuwa ule ule, lakini buti ndizo zingepewa sifa, na mzazi huyo angewashauri kwa moyo safi majirani zake wote wanunue. Hivi ndivyo imani ya viatu maalumu inavyoendelea kuishi: hutolewa katika umri ule ule ambao mguu hunyooka wenyewe.

Gharama yenyewe si ya fedha pekee. Mtoto anayevishwa kiatu tofauti na cha wenzake hujifunza mapema kwamba ana kasoro, ilhali hana. Watu wazima waliovishwa viatu vya namna hiyo utotoni wamepata kuulizwa na watafiti, nao walivikumbuka kwa uchungu, hasa kwa kuchekwa na kuzuiwa michezo.

Wale ambao kifaa maalumu ni tiba yao

Ndugu wazazi, hapa naomba nisikilizwe kwa makini zaidi, maana sitaki mtu atoke hapa akatupe kifaa ambacho mwanawe anakihitaji.

Yupo mtoto anayezaliwa na mguu kifundo. Huu si mguu unaokanyagia ndani wa kawaida. Unyayo umejikunja ndani na chini, kisigino kimepanda juu, na ukijaribu kuunyoosha haunyooki. Mtoto huyu anatakiwa aanze tiba katika majuma ya mwanzo ya maisha yake. Njia inayotumika duniani kote, hapa Tanzania pia, ni ile ya Dakta Ignasio Ponseti. Mguu hunyooshwa kwa mkono na kufungwa hogo, yaani plasta ngumu, ambalo hubadilishwa kila juma, mara tano hadi nane hivi. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kidogo kano ya kisigino ili kisigino kishuke. Baada ya hapo mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa fimbo. Huvivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu hadi afikie takribani miaka minne.

Viatu hivyo kazi yake ni kuulinda mguu ulionyooshwa usirudi ulikotoka. Mzazi akiona mguu umenyooka, huvua viatu mapema kwa kumhurumia mtoto anayelia usiku, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mguu kurudi kupinda na tiba kuanza upya. Kwa hiyo tofauti ni hii: kifaa kilekile cha fimbo ambacho hakimfai mtoto mwenye msokoto wa kawaida ndicho kinachomwokoa mwenye mguu kifundo. Asiambiwe mtu kwamba viatu maalumu ni upuuzi bila kwanza kujulikana mtoto ana nini.

Wapo na wengine: mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayehitaji kifaa cha kushika kifundo, mtoto ambaye mguu mmoja ni mfupi na kiatu chake hupandishwa soli, na mtoto mkubwa mwenye unyayo bapa unaouma. Kwa huyu wa mwisho, mazoezi ya kunyoosha kigimbi na kiwekeo laini ndani ya kiatu vinaweza kupunguza maumivu. Lakini aelewe kwamba kiwekeo kinatuliza. Hakijengi upinde, na kikitolewa unyayo utakuwa kama ulivyokuwa.

Basi ni dalili zipi zitufanye tusisubiri? Mguu mmoja kuwa tofauti na mwenzake. Mwendo unaozidi kuharibika badala ya kupungua. Kuchechemea, au maumivu yanayomfanya mtoto aache kucheza. Unyayo bapa ambao hautoi upinde hata akisimama kwa ncha za vidole, hasa kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea, kwa kuwa huenda mifupa miwili ya unyayo imeungana, na picha ya eksirei itahitajika. Mtoto aliyefika miezi 18 bila kutembea, au aliyekuwa akikimbia akaanza kushindwa, au anayetembea kwa ncha za vidole daima. Tena matege yanayozidi baada ya miaka mitatu, hasa yakiambatana na kuvimba vifundo vya mikono, kwa sababu mifupa inaweza kuwa imelainika kwa upungufu wa vitamini D au madini ya chokaa. Mtoto huyo anahitaji dawa na lishe, na buti litamchelewesha tu.

Hata msokoto wa kawaida una wachache ambao hauwaachi. Mtoto aliyepita miaka minane hadi kumi, msokoto wake ukiwa mkubwa na ukimwangusha mara kwa mara, huweza kufikiriwa upasuaji wa kukata na kugeuza mfupa. Ni uamuzi wa daktari bingwa wa mifupa, na hufanyika kwa nadra.

Kiatu cha kawaida kilicho kizuri

Kusema kiatu cha kawaida kinatosha si kusema kiatu chochote kinafaa. Kiatu cha mtoto kina kazi moja kubwa, nayo ni kinga: dhidi ya miiba, misumari, vipande vya chupa, funza, na minyoo ya safura ambayo huingia mwilini kupitia ngozi ya unyayo unaokanyaga udongo wenye kinyesi. Kwa hiyo uani palipofagiwa na ndani ya nyumba mwache mtoto atembee pekupeku, lakini akienda chooni, shambani au barabarani avae.

Unapokwenda sokoni, fanya hivi. Nyumbani, wakati wa jioni ambapo miguu imetanuka kidogo, msimamishe mtoto juu ya karatasi na uchore mzunguko wa kila unyayo. Kata michoro hiyo na uende nayo. Ukiiingiza ndani ya kiatu isikunjike pembeni, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya takribani upana wa kidole gumba chako. Kisha kamata kiatu kwa mikono miwili na ukikunje. Kikunjike kirahisi pale vidole vinapokunjikia, wala si katikati. Soli iwe bapa na nyepesi, sehemu ya vidole iwe pana, na kiwe na kamba au mkanda wa kukishika mguuni ili mtoto asilazimike kukunja vidole kukizuia kisivuke. Raba nyepesi hutimiza masharti haya, na za mtumba pia, maadamu soli haijalika upande mmoja. Soli iliyolika upande humwinamisha mvaaji mpya kwa mwendo wa mvaaji wa kwanza.

Usinunue kiatu kikubwa mno ili akikulie. Kiatu kinachopwaya huteleza, na mtoto anayekanyagia ndani hujikwaa nacho zaidi. Kwa walio chini ya miaka mitatu kagua nafasi ya mbele kila baada ya miezi miwili au mitatu, na kwa wakubwa kila mwanzo wa muhula.

Pa kuanzia

Kwa mkazi wa kata yetu, mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, siku ile ile ya kliniki ya mtoto. Chukua kadi ya kliniki, chukua viatu anavyovivaa sasa hata kama vimechakaa, kwa kuwa soli iliyolika humweleza mtaalamu mengi, na kama simu yako inaweza, mrekodi mtoto akitembea kuja kwako na kwenda mbali nawe. Ikibidi, mtoa huduma ataandika rufaa kwenda kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya wilaya, na kutoka huko kwa daktari wa mifupa. Mtoto mchanga mwenye mguu usionyooka asisubiri siku ya kliniki. Aletwe mara aonwapo.

Na mtu yeyote akikuambia umnunulie mtoto viatu vya kurekebisha, muulize maswali matatu: mguu huu umepindia wapi, kiatu hiki kinafikaje hapo, na nisipokinunua itakuwaje? Mtaalamu wa kweli atayajibu yote kwa utulivu. Asipoweza kuyajibu, weka fedha yako mfukoni na uje kliniki kwanza.

Sasa tupokee maswali yenu.